Droo haikubaliani na daftari

Nahesabu pesa ya duka mara tatu na kila mara napata jumla nyingine. Nakosea wapi?

Unajumlisha huku unahesabu, ndiyo maana akili inateleza. Tenga noti kwa thamani, nyuso zitazame upande mmoja, kwani noti ya 1,000 hupenda kujificha katikati ya nyingine. Kisha hesabu vipande tu: moja, mbili, tatu. Andika idadi kwenye karatasi, ndipo uzidishe. Sarafu zipange mafungu ya kumi kumi. Fungu lililopungua utaliona kwa macho kabla hujalihesabu. Mwenzako akirudia, asione namba zako.

Jana daftari lilionyesha mauzo ya 412,500, lakini kwenye droo nimekuta 345,500. Asubuhi niliweka chenji ya 50,000, waliolipa kwa simu ni 96,000, na nilitoa 12,000 ya umeme na mifuko. Nimeibiwa 67,000?

Hapana, dada. Anza na chenji yako 50,000, ongeza mauzo 412,500, toa 96,000 iliyoingia kwenye simu, toa na 12,000 uliyotumia. Droo ilipaswa kuwa na 354,500. Umepungukiwa 9,000 tu.

Hiyo 9,000 itazame vizuri kabla hujamshuku mtu, kwa sababu inagawanyika kwa tisa. Tarakimu zikibadilishana nafasi, au sifuri ikizidi, tofauti hugawanyika kwa tisa siku zote. Aliyeandika 5,400 badala ya 4,500 anazua upungufu wa 900. Aliyeandika 10,000 kwa mauzo ya 1,000 anazua 9,000 kamili, kama yako. Kwa hiyo pitia daftari ukitafuta 10,000 iliyoandikwa kwenye kitu cha bei ndogo, sabuni ya kipande kwa mfano. Usipoiona, huenda kuna mteja aliyestahili chenji ya 1,000 akapewa noti ya 10,000, na hapo daftari halitakusaidia.

Kugawanyika kwa tisa ni dalili, si ushahidi. Linganisha pia ile 96,000 na ujumbe wa malipo, mmoja mmoja, kwani aliyelipa kwa simu akiandikwa kama aliyelipa taslimu, droo itaonekana pungufu kwa kiasi kilekile alicholipa.

Siku nyingine inazidi 3,000. Nafidia nayo siku iliyopungua?

Usifanye hivyo, nakusihi. Pengine ni chenji ya mteja atakayerudi kesho asubuhi kuidai, au mauzo ambayo hayakuandikwa. Iandike kama zidio, na tarehe yake na jina la aliyekuwa zamu, iwekwe kando. Ukiziba pengo la Jumanne kwa zidio la Jumatatu, hutajua kamwe kwamba zamu fulani hupungukiwa kila wiki.

Kabla ya kufunga, rudisha ile 50,000 ya kuanzia. Iwe ya noti ndogo na sarafu. Noti tano za 10,000 hazitampa chenji mteja wa kwanza.