Mtoto Anayeharisha Asifungishwe Chakula

Swali: Asalamu alaykum daktari. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili, uzito wake ni kilo tisa, na hii ni siku ya tatu anaharisha maji matupu, kama mara sita kwa siku, bila damu. Nimempa ORS lakini choo hakijakoma, na kila akila hukimbilia kujisaidia. Mama mkwe wangu amesema nimwachishe chakula na ziwa mpaka tumbo lipumzike. Nilipewa vidonge kumi vya zinki, nimempa viwili. Je, niviache, nimtafutie dawa ya kufunga tumbo? (Mama wa Amu)

Jibu: Waalaykum salaam, mama. Mrudishie ziwa sasa hivi, apikiwe chakula chake leo leo, vidonge vinane vilivyobaki avimalize, na hiyo dawa ya kufunga tumbo usiinunue.

Ushauri wa kupumzisha tumbo hunifikia karibu kila siku, na huja na watoto waliokwisha kukaa siku mbili au tatu kwa chai ya rangi na maji ya mchele. Simlaumu mama mkwe wako, kwani hata vitabu vya tiba vya zamani viliwahi kuagiza hivyo. Lakini ni kosa, na ndilo kosa linalomwacha mtoto akiwa dhaifu wiki nyingi baada ya kuharisha kwenyewe kwisha. Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na seli ambazo hubadilishwa kwa mpya kila baada ya siku chache, na seli hizo hazilishwi na damu peke yake, bali hujilisha pia moja kwa moja kutokana na chakula kinachopita juu yake. Ugonjwa umekwisha kuzijeruhi. Ukimnyima mtoto chakula, unazinyima kile zinachohitaji ili zijijenge upya. Utumbo uliofungishwa hivyo huzidi kuwa mwembamba, hunyonya chakula vibaya zaidi, na kuharisha ambako kungekwisha ndani ya wiki huendelea.

Naelewa kwamba macho yanakushuhudia jambo jingine: amekula, kisha amejisaidia papo hapo. Kile unachokiona si chakula alichomaliza kukila. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana huamshwa usukume nje kilichokuwamo tayari, na jambo hilo huwatokea watoto wazima pia. Choo chenyewe kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi ambavyo utumbo mgonjwa unavitoa mwilini, na vingetoka hata kama asingekula chochote. Hata katikati ya kuharisha, sehemu kubwa ya chakula anachokila inanyonywa na kumfaa.

Kwa hiyo mnyonyeshe mara nyingi zaidi ya kawaida, na chakula umpe kidogo kidogo, angalau mara sita kwa siku, kwa sababu mtoto mgonjwa hamalizi sahani kubwa. Uji usiwe mwembamba wa kunywewa kama maji. Uwe mzito kiasi cha kubaki kijikoni, na utie kijiko cha mafuta au tui la nazi ili kila tonge liwe na nguvu. Samaki wa kuchemsha aliyechambuliwa miba vizuri, wali laini uliopondwa na mbaazi, viazi, ndizi mbivu, vyote hivyo ni chakula cha mtoto anayeharisha. Ndizi ina faida ya ziada ya kumrudishia potasiamu inayopotea chooni. Akishapona, muongezee mlo mmoja juu ya milo yake ya kila siku kwa muda wa wiki mbili, arudishe uzito uliopotea.

Sasa ORS. Umesema umempa lakini choo hakijakoma, na maneno hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi, kwa sababu akina mama wengi huitupa ORS siku ya pili kwa kudhani imeshindwa kazi. ORS haikutengenezwa kukomesha choo. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi kwa kiasi kile kile kinachotoka, ili mtoto asikauke wakati mwili unaumaliza ugonjwa wenyewe. Utumbo unaoharisha hushindwa kuvuta chumvi kwa njia zake nyingine, ila mlango mmoja hubaki wazi, ule unaopitisha chumvi ikiwa imeandamana na glukosi, na maji huzifuata. Ndiyo maana vipimo vya pakiti vinahesabiwa kwa uangalifu, na ndiyo maana soda, juisi ya pakiti na chai yenye sukari nyingi havishiki nafasi yake: sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni, na mtoto huharisha zaidi. Madafu anaweza kunywa kama kinywaji cha kuongezea, lakini chumvi yake ni chache mno kwa mtoto anayepoteza maji mengi.

Tazama pakiti uliyonayo imeandikwa ichanganywe na maji kiasi gani. Nyingi zinazotolewa kwetu ni za nusu lita, na nyingine ni za lita moja. Kwa ile ya nusu lita, chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita iliyooshwa vizuri, ijaze, mimina pakiti yote kwa mara moja, utikise. Usigawe unga wa pakiti kwa kukisia kikombe kikombe, usiongeze sukari wala chumvi, na usichemshe ukishachanganya. Ikibaki baada ya saa 24, mwaga utengeneze nyingine.

Maji yenyewe yana jambo ambalo maelezo ya nyuma ya pakiti hayalitaji, nasi wa visiwa hivi linatuhusu. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na kuyachemsha kunaua vijidudu tu. Chumvi inabaki pale pale, tena inazidi kukolea maji yanapopungua sufuriani. Ukichanganya ORS na maji ya namna hiyo, umemwongezea mtoto chumvi juu ya chumvi iliyokwisha kupimwa, na chumvi ikizidi katika damu mtoto huwa na kiu kali, hukosa utulivu, na anaweza hata kupata degedege. Tumia maji ya jabia au ya mvua yaliyochemshwa yakapoa, au ya kisima chenye maji matamu yaliyochemshwa, au ya chupa. Kabla hujachanganya, yaonje. Ukihisi chumvi ulimini, tafuta maji mengine.

Kiasi anachohitaji mwanao ni mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, maana yake robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Akijisaidia mara sita, hiyo ni mililita 300 hadi 600 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu lita inaweza kumalizika siku hiyo hiyo. Ninapowauliza akina mama wameitumia vipi, wengi hunijibu kwamba pakiti moja imekaa siku tatu, na hapo ndipo hujua mtoto alipewa vijiko vitatu vinne akaachwa. Mpe kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Vijiko ishirini ni mililita 100, na kazi hiyo huchukua kama nusu saa ya kukaa naye mapajani. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha uanze tena polepole zaidi. Watoto wengi wanaosemekana hawaiwezi ORS walinyweshwa kikombe kizima kwa pupa wakakirudisha.

Zinki ni sehemu ya tiba hiyo hiyo, na tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yameagiza itolewe pamoja na ORS. Mwili wa mtoto hupoteza zinki nyingi kila anapoharisha, na bila hiyo seli za utumbo nilizozitaja hazijengeki upasavyo wala kinga haifanyi kazi yake sawasawa. Ikimalizwa, hufupisha kuharisha kwa sasa na pia hupunguza uwezekano wa mtoto kuharisha tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. Faida hii ya pili ndiyo inayopotea kwa mzazi anayeacha vidonge mara choo kinapokuwa kigumu. Kwa umri wa mwanao ni kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku zote kumi, na kwa mtoto aliye chini ya miezi sita ni nusu kidonge. Kiweke katika kijiko chenye maziwa yako uliyoyakamua au maji safi, kiache kiyeyuke, kisha umpe. Kina ladha ya chuma na baadhi ya watoto hukitapika. Akikitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe kingine.

Wakati wote huo, mpime mara kwa mara kama anakauka. Mlaze chali, chukua ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu kwa kidole gumba na cha shahada, ivute kidogo, uiachie. Inapaswa kurudi papo hapo. Ikikawia, au macho yakiwa yametumbukia ndani, au akiwa analia bila kutulia na kugombania maji, mlete kituoni siku hiyo hiyo, kwani kwa uzito wake atahitaji karibu mililita 675 za ORS ndani ya saa nne, chini ya uangalizi. Akiwa amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au choo kina damu, usingoje asubuhi. Nanyi mlioko Faza, Kizingitini au Ndau, msihesabu saa za ugonjwa tu, hesabuni na saa za mashua. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu aletwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu vipimo nilivyovitoa hapa si vyake.

Nimalizie na dawa ya kufunga, kwa sababu inauzwa kwa urahisi unaonikera, na wauzaji wanajua wanachokifanya. Mwenye duka atakupa loperamidi, au metronidazoli nusu chupa, au chupa isiyo na jina iliyosifiwa na mtu wa sokoni, akuhakikishie kwamba choo kitakoma jioni. Antibiotiki hazina kazi katika kuharisha maji kwa kawaida; zina nafasi pale penye damu au kipindupindu, kwa agizo la aliyempima mtoto. Loperamidi ni mbaya zaidi, na haifai kabisa kwa mtoto wa umri huu. Inalaza misuli ya utumbo, basi maji yanaendelea kutoka mwilini na kujikusanya ndani ya utumbo badala ya kutoka nje. Nepi inakauka na nyumba nzima inafurahi, huku tumbo la mtoto linajaa na kuwa gumu, macho yanazama na usingizi unamzidi, na anayemtazama anadhani hatimaye amepata kupumzika. Mtoto anaweza kufa hivyo bila kuharisha tena hata mara moja. Ikiwa umekwisha kumpa dawa ya namna hiyo, usiongeze dozi nyingine, endelea na ziwa na ORS, mlete hospitali leo, na uje na chupa yenyewe mkononi hata kama imebaki tupu.