Nina vinundu kwenye nyuzi za sauti, nipasuliwe au nifanye mazoezi?

*Habari daktari. Ni mwalimu wa darasa la pili huku Mbagala, watoto wamepita tisini darasani, na Jumapili naimba sauti ya kwanza kwaya. Tangu Februari sauti inakwaruza. Asubuhi ina nafuu, ikifika saa sita imekata. Likizo ya Juni ilirudi kidogo, shule zilipofunguliwa ikapotea tena. Nimeingizwa kamera, wakasema nina vinundu pande zote mbili, nianze na tiba ya usemi. Ndugu zangu wanasema nitapoteza muda, nitafute hela nipasuliwe yaishe. Nyama ikishaota, mazoezi ya kuongea yataiondoaje?*

Pole sana, Mwalimu. Kwanza nijitambulishe vizuri: mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya usemi, ndiko huku huku ulikoelekezwa. Kwa hiyo soma ukijua kwamba navutia kwangu. Ila madaktari wengi wa masikio, pua na koo watakwambia hivi hivi, na sababu yake imo ndani ya swali lako la mwisho.

Hiyo si nyama iliyoota. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili laini iliyolala juu ya bomba la hewa. Ukiongea, pumzi inapita katikati yake nayo inagongana, kwa mwanamke kama mara 200 kwa sekunde. Chukua kipindi chako kimoja cha dakika 40, tuseme nusu yake ndiyo unayotoa sauti: hapo nyuzi zimeshagongana mara 240,000, na bado una vipindi vingine. Ukipaza sauti zinagongana haraka zaidi na kwa nguvu zaidi. Kishindo kikubwa kinatua pale katikati ya sehemu inayotetemeka, na hapo ndipo ngozi inapovimba. Ikigongwa tena kesho kabla haijapoa, inaanza kuwa nene, kama sugu kwenye kiganja cha mtu wa jembe. Ndiyo maana vinundu vyako viko pande zote mbili, vinatazamana: uzi huu umeumizwa na mwenzake.

Sasa sugu ukiikata kwa wembe na kurudi shambani na jembe lile lile, ukilishika vile vile, itarudi. Darasa la watoto tisini litakuwa linakusubiri siku utakayotoka hospitali.

Lakini kurudi kwa vinundu siyo kinachonitisha zaidi kwenye upasuaji. Chini tu ya ngozi ya uzi wa sauti kuna tabaka jembamba laini, karibu kama ute mzito, na hilo ndilo linaloiwezesha ngozi kutetemeka. Upasuaji wenyewe hufanywa kwa nusu kaputi, kwa darubini na vifaa vidogo sana, na mkono uliozoea hukata juu juu bila kuligusa tabaka hilo. Kisu kikizama kidogo tu, panapona kwa kovu. Kovu halitetemeki, na mpaka leo hakuna njia ya uhakika ya kulirudisha tabaka hilo lilivyokuwa. Nimepokea watu wa namna hiyo: kamera inaonyesha nyuzi safi, kinundu hakuna, na sauti ni mbovu kuliko siku walipokwenda kukata. Huyo nina machache ya kumfanyia kuliko wewe mwenye vinundu vyako.

Nisikufiche jambo moja. Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalitafuta majaribio mazuri yanayolinganisha upasuaji na tiba nyingine kwa vinundu, hayakupata hata moja linalofaa. Kwa hiyo hatuanzi na mazoezi kwa sababu kuna takwimu zilizomaliza ubishi. Tunaanza nayo kwa sababu yanagusa chanzo, na kwa sababu yakishindikana mlango wa upasuaji bado uko wazi. Ukianza na kisu na kovu likaingia, huwezi kurudi nyuma.

Mazoezi yenyewe yakoje? Nikueleze kwa mwalimu mwenzako mmoja, hali yake inafanana na yako. Alipokuja nilimwomba avute pumzi aushikilie mlio wa "sss" mpaka pumzi iishe, kisha "zzz" vivyo hivyo. Kwenye "sss" nyuzi hazifanyi kazi, ni pumzi tupu. Kwenye "zzz" zinatetemeka. Mwenye nyuzi nzima hupata muda unaokaribiana. Yeye alipata sekunde 18 za "sss" na 10 tu za "zzz". Maana yake pumzi ilikuwa inavuja: vinundu vinagusana kwanza, mbele na nyuma yake panabaki mwanya. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili na kupata zaidi ya kama 1.4, tunashuku nyuzi hazifungi vizuri, na yeye alikuwa na 1.8. Kipimo hiki hakisemi ugonjwa ni upi, lakini kinatusaidia kuona kama tunasogea.

Wiki za mwanzo kazi ilikuwa mrija na chupa ya maji. Chupa inajazwa nusu, ncha ya mrija inazama sentimita mbili au tatu, midomo inaufunga mrija vizuri, kisha unatoa "uuu" ya taratibu mapovu yakitoka mfululizo bila kukatika. Mashavu yawe legevu. Ukiona mapovu yanaruka ruka, unasukuma mno. Ukiyaona na sauti haisikiki, unapuliza tu. Ni dakika tano, mara kadhaa kwa siku, na baadaye unapandisha na kushusha sauti humo humo. Inachekesha, na nyumbani watoto watakucheka, lakini kuna fizikia yake: mrija na maji vinairudisha nyuma kani ya hewa, nyuzi zinaachana kidogo, zinatetemeka bila kugongana kwa kishindo. Koo linajifunza kwamba sauti inatoka bila kukamuliwa.

Kisha tukahamia kwenye "mmm", mpaka asikie mtetemo kwenye midomo na pua badala ya kooni, halafu maneno yanayoanza na mlio huo au mingine ya puani: mama, mnazi, nyanya, ng'ombe. Kiswahili kimetubariki hapo, maneno hayo hayaishi. Shida yake ilikuwa maneno yanayoanza na irabu, tena yale ya amri. "Acha!" "Inukeni!" "Andikeni!" Ukiyatamka kwa ukali, nyuzi zinajibana kwanza kisha zinapasuliwa na pumzi, na hicho ni kishindo kibaya kuliko vyote. Nilipomwomba anihesabie amri anazotoa darasani, karibu zote zilianza na "a" au "i". Tukazibadilisha nyingi: makofi mawili badala ya "angalieni hapa", wimbo mfupi ambao watoto wanaumalizia wenyewe, na kusogea kwa mtoto badala ya kumwita toka ubaoni. Pia akanunua kile kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni chenye maiki ya kichwani. Wamachinga wa Kariakoo waliligundua hilo mapema, wanarekodi bei mara moja na spika inapiga kelele siku nzima wao wamekaa. Walimu tunawaacha wapige kelele kwa koo.

Alikuja mara moja kwa wiki, kwa wiki nane. Sehemu ngumu haikuwa mrija. Mbele yangu sauti nzuri ilikuwa inatoka kuanzia wiki ya tatu, lakini akirudi darasani, mtoto mmoja akimpiga mwenzake, koo la zamani linarudi lenyewe. Kwa hiyo wiki za mwisho tulifanyia mazoezi vitu vyake halisi: kuita mahudhurio, kusoma hadithi, kukaripia. Mwishoni "zzz" yake ilifika sekunde 15 kwa "sss" ile ile ya 18, yaani 1.2, na sauti ilikuwa inavuka saa sita mchana. Kamera ilionyesha upande mmoja umesawazika na mwingine umebaki na kivimbe kidogo. Daktari hakukigusa, na mimi nilikubaliana naye. Tunatibu sauti, hatutibu picha.

Kwako wewe, nafuu ya asubuhi na ya likizo ya Juni ni dalili nzuri. Kitu kinachopungua ukipumzika mara nyingi bado ni laini, na vinundu laini ndivyo vinavyosikia mazoezi. Vikiwa vigumu vya miaka mingi, tiba inachukua muda zaidi na pengine haviishi vyote.

Wakati unasubiri miadi, kunywa maji kidogo kidogo siku nzima, na uache kile kikohozi cha kusafisha koo; meza mate au piga funda la maji badala yake. Usinong'one ukidhani unapumzisha, kunong'ona kwa nguvu kunakaza koo vile vile. Tangawizi na asali havina ubaya, ila havifiki kwenye nyuzi, maana ulichomeza kinapita njia ya chakula. Kwaya, omba uimbe sauti ya pili au upumzike mwezi huu. Na kama kuna tamasha mtu akakushauri sindano ya kufungua sauti, kataa: inashusha uvimbe kwa siku chache, unaimba kwa nguvu juu ya jeraha usilolisikia.

Kisu kina nafasi yake. Kama umefanya mazoezi kwa uaminifu miezi mitatu hivi na sauti haijasogea, au kamera ikionyesha kwamba kile kilichodhaniwa kinundu ni uvimbe wa maji au polipu, hapo daktari atazungumza nawe habari ya upasuaji, na hata hivyo utarudi kwangu kabla na baada yake.

Kwa wengine wanaosoma hapa wenye sauti iliyokwaruza: msichukue mrija kabla ya kamera. Sauti iliyopotea zaidi ya wiki nne ichunguzwe kooni kwanza, kwa sababu kifua kikuu cha koo na saratani huanza vivyo hivyo. Msisubiri hata hizo wiki nne kama mnavuta sigara, mnakohoa damu, mnapungua uzito, mna uvimbe shingoni, au kumeza na kupumua kumekuwa kwa shida.

Mwalimu, ukija siku ya kwanza njoo na majibu ya kamera, na video kama walikupa. Nirekodie pia kwa simu dakika mbili za kipindi chako, asubuhi na tena saa sita, ukifundisha kama kawaida bila kujirekebisha.