Ukiugua au Ukikaribia Kujifungua, Omba Kuahirisha Masomo Kabla ya Kujiondoa Chuoni

Nilipopata ujauzito nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya miaka minne, karani aliyenipokea katika ofisi ya usajili alinisikiliza kwa upole, kisha akanisogezea fomu ya kujiondoa. "Dada, jaza hii tu," aliniambia, "ukishajifungua utaomba upya." Sidhani kwamba alinitakia mabaya, kwani fomu hiyo ilikuwa ya ukurasa mmoja na haikuhitaji saini ya mtu mwingine yeyote, ilhali ile ya kuahirisha masomo ilipaswa kupita kwa mkuu wa idara na kwa mlezi wa wanafunzi, ikiwa na barua ya daktari. Urahisi huo ndio unaowaponza wengi, kwa sababu tofauti ya karatasi hizo mbili haionekani siku ya kuzijaza, bali huonekana siku ya kurudi.

Anayeahirisha masomo hubaki mwanafunzi. Namba yake ya usajili haifutwi, alama za mihula aliyokwisha kuimaliza hubaki mahali pake, na barua anayopewa hutaja tarehe ya kurejea. Anayejiondoa amevunja uhusiano wake na chuo, na akitaka kurudi huomba nafasi kama mwombaji mwingine, akishindana na waombaji wa mwaka huo kwa vigezo vya mwaka huo. Mara nyingi huambiwa afuate mtaala unaotumika wakati huo, na iwapo mtaala umebadilika, kozi alizozifaulu huenda zisihesabiwe zote. Kwa mwenye mkopo au ufadhili, kujiondoa kunaweza kusimamisha malipo moja kwa moja na hata kuanzisha muda wa kurejesha deni. Kuahirisha pia kunaweza kusimamisha malipo kwa kipindi cha likizo, kwa hiyo mfadhili anapaswa kuandikiwa barua yake mwenyewe, wala asiachwe asubiri habari kutoka chuoni. Mwanafunzi anayesoma ugenini kwa kibali cha masomo aulize pia athari za likizo kwa kibali hicho kabla ya kupeleka ombi.

Jambo linalohitaji kufikiriwa kuliko yote, na ambalo fomu haikuulizi, ni muhula wa kurudi. Vyuo vingi hufundisha kozi fulani mara moja tu kwa mwaka, na nyingine haziruhusiwi kusomwa kabla ya kuzifaulu zile zinazozitangulia. Ndiyo maana mtu anaweza kuomba likizo ya muhula mmoja akarudi na kukuta hana cha kusoma.

Kwa upande wangu, tarehe ya makadirio ya kujifungua iliangukia wiki ya 13 ya muhula wa pili, ambao ulikuwa na wiki 15 za masomo, kisha mitihani. Wapo walionishauri nivumilie, nisome hadi wiki ya 12, nijifungue, kisha nifanye mitihani. Hata hivyo, makadirio hufanywa kwa wiki 40 za ujauzito, na mtoto anaweza kuzaliwa salama kuanzia wiki ya 37, yaani wakati wowote kuanzia wiki ya 10 ya muhula wangu. Ukijifungua kwa upasuaji, hesabu angalau wiki sita za kupona. Kwa hesabu hiyo, mitihani ingenikuta kitandani, na kozi zote za muhula zingekuwa zimening'inia.

Nilipochukua orodha ya kozi na kukaa na mshauri wangu wa masomo, tuliona kwamba kuahirisha muhula wa pili peke yake kungenirudisha darasani mwanzoni mwa mwaka wa nne bila kozi za msingi za muhula nilioukosa, na kozi hizo zisingefundishwa tena hadi muhula wa pili uliofuata. Zilikuwapo kozi mbili tu ambazo ningeruhusiwa kuzisoma wakati nikisubiri, na ada ingekuwa ya muhula mzima. Kwa hiyo niliomba mihula miwili mfululizo, nikarejea muhula wa pili wa mwaka wa tatu pamoja na darasa lililokuwa nyuma yetu, mtoto akiwa na umri wa takriban miezi tisa. Niliwasilisha ombi wakati wa mapumziko, kabla ya usajili wa muhula wa pili kufunguliwa, na kwa hiyo sikudaiwa ada ya muhula ambao sikuusoma.

Lau makadirio yangeangukia wiki ya mitihani, huku kazi zote za darasani zimekamilika, nisingeomba likizo kabisa. Ningeomba kuahirisha mitihani pekee, ambalo ni ombi tofauti: alama za tathmini endelevu hutunzwa, na mtihani hufanywa katika kipindi maalumu kinachofuata. Ukiahirisha muhula ukiwa katikati, uliza wazi iwapo alama ulizokwisha kuzipata zitahifadhiwa au utaanza upya, na jibu hilo liandikwe.

Kwa ugonjwa, mahali panapokwamisha maombi mengi ni barua ya daktari. Cheti cha kawaida kinachosema mgonjwa apumzike kwa wiki mbili kinatosha kukosa vipindi, lakini hakitoshi kusimamisha muhula. Mwombe daktari aandike tarehe ambayo uwezo wako wa kusoma ulianza kuathirika, kwamba hali hiyo inakuzuia kuhudhuria au kufanya mitihani, na muda anaoukadiria wa matibabu. Kwa kawaida si lazima jina la ugonjwa liandikwe kwa kina, na anayependa kulinda siri yake amwambie daktari hivyo mapema. Tarehe ya kuanza ina uzito wake: iwapo uliacha kuhudhuria wiki ya nne na barua inataja wiki ya tisa, zile wiki za katikati zinabaki kuwa utoro, na kwa kanuni za vyuo vingi utoro wa muda mrefu humfanya mwanafunzi ahesabiwe kuwa ameacha masomo bila hata kusaini fomu. Aliyelazwa hospitalini ghafla anaweza kumtuma ndugu apeleke taarifa fupi ya maandishi mara moja, na vielelezo vifuate baadaye.

Ombi lenyewe halihitaji maelezo marefu ya masikitiko. Taja jina, namba ya usajili, programu na mwaka, sababu kwa sentensi moja, muhula unaouahirisha, muhula utakaorudi, na orodha ya viambatisho. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mpaka upate jibu la maandishi, hesabu kwamba bado unatakiwa darasani, kwani "limekubaliwa" la mdomo kwenye korido halimo katika faili lako.

Jibu linapofika, lisome lote. Angalia iwapo muda wa likizo unahesabika ndani ya ukomo wa miaka ya kumaliza shahada, kwa kuwa baadhi ya vyuo havisimamishi ukomo huo, iwapo utapoteza chumba cha hosteli na bima ya afya ya wanafunzi, na ni lini unapaswa kutoa taarifa ya kurejea. Taarifa hiyo huhitajika kabla ya muhula kuanza, na kwa aliyekuwa mgonjwa huambatana na barua ya daktari inayothibitisha kwamba anaweza kuendelea na masomo. Kama bado hujapona, omba nyongeza ya muda kabla tarehe ya kurejea haijapita. Ikipita kimya, chuo kinaweza kukufuta katika usajili, na utajikuta katika hali ileile ya aliyejaza fomu ya kujiondoa.