Bei ya zege isiandikwe juu ya video

Video ya kwanza niliyompigia dogo mmoja anayekaanga chipsi mayai Sinza niliipa jina hili: "Zege tamu kuliko zote Dar, 2,500 tu!" Maneno hayo hayo niliyabandika kwa herufi kubwa juu ya picha yenyewe, mayai yakimwagika kwenye kikaango. Miezi michache baadaye trei ya mayai ikapanda. Jioni moja nimesimama pale, mama mmoja akaja na simu mkononi. "Mwanangu, hapa pameandikwa elfu mbili na mia tano." Dogo akajibu, "Mama, hiyo ya zamani, sasa ni elfu tatu." Mama akaondoka bila kula. Mimi niliyeandika nilikuwa pembeni nimeinamisha kichwa.

Tangu siku ile nina utaratibu mmoja: kinachobadilika nakiweka mahali panapobadilika. Maandishi yaliyochomwa ndani ya video hayafutiki, na watu wakishaipakua na kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp, huwezi kuikimbiza. Lakini sehemu ya maelezo ya YouTube unaihariri hata baada ya mwaka, video ikiwa ile ile. Kwa hiyo bei inakaa kwenye maelezo, pamoja na tarehe yake. Jina la video linabaki na mambo yasiyohama: chakula gani, kinapikwaje, wapi. Jina linaruhusiwa herufi 100, ila kwenye simu mwisho wake hukatwa, kwa hiyo "chipsi mayai" na "Sinza" vitangulie. "Tamu kuliko zote" niliifuta. Nani amezionja zote?

Maelezo ya video ile sasa yanasomeka hivi:

```
Chipsi mayai ya mayai mawili, jiko la mkaa, Sinza Mori.
Bei (Machi 2025): kavu 2,000, yai moja 2,500,
mayai mawili 3,000. Kachumbari bure. Kufungiwa: 200.
Viungo: viazi, mayai, chumvi, mafuta ya alizeti au mawese.
Soseji hukaangwa kwenye mafuta hayo hayo.
Saa 11 jioni hadi saa 5 usiku. Jumapili hayupo.
```

Ile mia mbili ya kufungiwa inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoleta maneno. Mtu amekuja na elfu tatu kamili, anataka abebe, anaambiwa iongezeke. Iandike.

Kwenye viungo, kishawishi kikubwa ni mafuta. Siku niliyorekodi dogo alikuwa na alizeti, nikataka kuandika "mafuta ya alizeti" na kumalizia "asili kabisa". Nikamuuliza kwanza: "Kila siku unatumia haya?" Akacheka, "Kaka, naangalia ipi iko chini dukani." Ndiyo maana pameandikwa "au mawese". Na mstari wa soseji si wa kujaza nafasi. Wapo wasiokula nyama, na wapo wanaotaka kujua soseji hiyo ni ya nini kabla chipsi zao hazijapita kwenye karai lile. Muulize mpikaji ni vitu gani vinapita humo, uandike alivyokujibu. Usiandike unachokisia kwa kutazama video.

Mahali nako kuna mtego. Kuandika "Sinza" peke yake ni kumtuma mtu azunguke Mori, Kijiweni na Makaburini akinusa moshi. Taja kituo cha daladala, upande wa barabara, na kitu kilicho jirani ambacho hakihami. Halafu kuna ramani: programu nyingi hupendekeza eneo ulipo wakati wa kupakia, siyo uliporekodi. Mimi hupakia nyumbani usiku, na mara moja nilikubali pendekezo bila kusoma. Kwa siku mbili nzima chipsi za Sinza zilikuwa zinauzwa Mbagala, karibu na mlango wangu. Kwenye YouTube Studio bonyeza `Show more`, shuka hadi `Video location` uandike mwenyewe. Dogo akihamishwa, rudi ubadilishe hapo na kwenye maelezo kwa mkupuo mmoja, maana ukigusa kimoja tu, vitapingana.

Neno "zege" sikulitupa. Nimeliweka kwenye `Tags`, pamoja na "chips mayai" na "chipsi yai", kwa kuwa watu huandika kila mmoja kwa namna yake. Kwenye jina silitaki: anayetafuta zege YouTube mara nyingi ana mifuko ya saruji inamsubiri. Na usijaze humo "pilau" au "nyama choma" ili uvute watazamaji. YouTube inakataza maelezo ya kupotosha na inaweza kuiondoa video.

Kila tarehe mosi nampigia dogo simu na kumuuliza mambo matatu tu: bei, mafuta, mahali. Mwezi uliopita alisema hakuna kilichobadilika. Nikabadilisha mwezi kwenye mabano, nikafunga.