Namba iliyokatwa kwa mkasi

Juzi dada mmoja wa Kolwezi aliniandikia: "Yaya, nataka kuanza kuuza picha zangu kwa simu. Chini ya picha niandike nini?" Swali lake limenigusa pale ambapo bado pananiuma.

Mwaka jana niliuza chapa ya lino, yaani picha inayochapwa kwa bamba laini lililochongwa, kwa bwana mmoja anayeishi Brussels. Nilikuwa nimeichonga hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, nikachapa nakala 20 tu. Yake ilikuwa 7/20, yaani ya saba kati ya hizo 20. Kwenye tangazo niliandika "30 × 40", basi. Hicho kilikuwa kipimo cha mchoro wenyewe. Karatasi ilikuwa 40 × 50, kwa sababu niliacha ukingo mweupe wa sentimeta 5 kila upande. Yeye akanunua kadre ya 30 × 40 kabla mzigo haujafika. Ulipofika, karatasi ikagoma kuingia. Akachukua mkasi akakata ukingo wote.

Aliponitumia picha ya ukuta wake, mikono ilinitetemeka. Namba, jina la picha na sahihi huandikwa kwa penseli kwenye ukingo uleule, chini tu ya mchoro: namba kushoto, jina katikati, sahihi kulia. Vyote vilikwenda na taka. Na siwezi kumchapia nyingine, maana niliahidi 20. Nikitoa ya 21 nimewaibia walionunua zile zingine. Nilimrudishia nusu ya pesa. Hajaniandikia tena.

Kwa hiyo, mdogo wangu, "30 × 40" peke yake usiandike kamwe. Tangazo langu la sasa linasema hivi: "Chapa ya lino, wino wa mafuta. Mchoro 30 × 40, karatasi 40 × 50. Karatasi ya pamba, gramu 300. Nakala 7/20, namba na sahihi kwa penseli chini ya mchoro, usikate ukingo. Haina kadre, inaingia kadre yenye kipimo cha ndani 40 × 50." Anayetaka paspatu, ile kadibodi yenye tundu inayozunguka picha ndani ya kadre, namwambia tundu lake liwe 31 × 42, na ile nafasi ya ziada aiweke zaidi upande wa chini, ili penseli ionekane.

Ufungaji nao uandike. Kioo cha kadre sikisafirishi: kikivunjika njiani, vipande vinakwaruza wino. Nangoja wino ukauke kabisa. Nikiugusa kwa kidole safi usiache alama. Naweka juu yake karatasi laini isiyo na asidi, naiviringisha bila kuibana, naingiza kwenye bomba la katoni lenye upana wa sentimeta 10, halafu plastiki kwa ajili ya mvua. Bomba jembamba hukunja karatasi nene, na mkunjo hautoki. Kwenye tangazo naongeza: "Inafika imeviringishwa, ilaze chini ya vitabu siku mbili, karatasi safi juu yake."

Na ile 7/20, kwenye daftari langu nimeandika pembeni yake: imekatwa.