Sekunde 38 za jingo: namna ya kuchambua ishara katika muziki

Nikipewa kazi ya mwanafunzi wa muziki kuhusu semiotiki, yaani elimu ya ishara, kabla sijasoma nashuka kwanza kutafuta jedwali. Karibu kila kazi inalo: safu ya ikoni, safu ya indeksi, safu ya simboli, na kila sauti imepangiwa safu yake. Ngoma ni indeksi. Filimbi ni ikoni ya ndege. Wimbo wa taifa ni simboli. Jedwali linapendeza macho, ila uchambuzi unakuwa umeishia hapo hapo.

Shida ni kwamba Charles Sanders Peirce, Mmarekani aliyetuachia maneno haya matatu, hakuwa anapanga vitu. Alikuwa anapanga uhusiano. Kwake ishara ina pande tatu: kile unachokisikia, kile kinachosimamiwa na ulichosikia, na kile kinachotokea ndani ya msikilizaji hadi aviunganishe viwili hivyo. Uhusiano ukiwa wa kufanana, ni ikoni. Ukiwa wa kuambatana, yaani kimoja husababisha kingine au vimezoea kutokea pamoja, ni indeksi. Ukiwa wa makubaliano ambayo mtu sharti afundishwe, ni simboli. Kwa hiyo sauti moja inaweza kuwa zote tatu, kwa watu watatu tofauti, ndani ya chumba kimoja.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuchagua kipande kifupi mno. Mwaka 1979 mtaalamu wa muziki Philip Tagg aliandika tasnifu nzima juu ya muziki wa televisheni wa sekunde 50 tu, na kurasa hazikumtosha. Mimi huwa natumia jingo ya kufungulia kipindi cha redio cha wakulima na wafugaji, sekunde 38, iliyotengenezwa na rafiki yangu mmoja hapa Dodoma mjini. Faida ya jingo ni kwamba aliyeitunga alitaka ieleweke haraka, kwa hiyo ishara zimesongamana.

Inakwenda hivi. Sekunde 6 za kwanza ni kengele za ng'ombe peke yake, zikigonga bila mpangilio. Kisha inaingia ilimba, ala ya Wagogo yenye fito za chuma juu ya kasha la mbao, ikirudia mzunguko mfupi wa noti tano. Sekunde ya 14 zinaingia ngoma za muheme pamoja na vigelegele. Sekunde ya 24 ngoma zinanyamaza, filimbi inamwaga noti za juu, fupi fupi, kwanza chache kisha nyingi. Mwisho kabisa, noti tatu za kituo, kwa solfa: d, s, m.

Kabla ya kutaja ikoni wala indeksi, andika sentensi yenye nafasi nne: sauti hii (ieleze ilivyo), inasimama badala ya kitu fulani, kwa msikilizaji fulani, kwa sababu fulani. Nafasi ya tatu ndiyo wanafunzi wanairuka. Wanaandika "muziki unaashiria furaha" bila kusema furaha hiyo anaisikia nani na ameifikiaje. Ukishindwa kumtaja msikilizaji, usiendelee. Nenda kamtafute, umpigie jingo, umuulize ameona nini kichwani. Usimuulize "inaashiria nini", kwa sababu hapo atakupa jibu la darasani.

Tuzichukue kengele za ng'ombe. Kama rafiki yangu alikwenda Bahi akarekodi kundi likirudi zizini, sauti ile ni indeksi kwa maana ngumu kabisa: ng'ombe halisi ndiye aliyeisababisha. Kama aliitikisa kengele mwenyewe studio, basi imefanana tu na kengele za kundi, na ni ikoni. Msikilizaji hajui tofauti, wala kwake haileti shida, maana kwa aliyekulia kwenye ufugaji kengele na ng'ombe vimeambatana maishani mwake kiasi kwamba moja ikisikika kingine kimeshafika. Mchambuzi lakini anatakiwa aseme anazungumzia uhusiano upi. (Alizitikisa studio. Nilimuuliza.)

Kwenye ilimba ndipo pa kukaa muda mrefu kidogo. Noti zake tano haziko pale keyboard inapoziweka. Uzi mmoja ukitetema hutoa mfululizo wa sauti za asili, na muziki wa Wagogo umejengwa hasa juu ya sauti ya 6, 7, 8, 9 na 10 katika mfululizo huo. Kwa solfa ni kama s, ta, d, r, m, isipokuwa hiyo ta iko chini ya ta ya keyboard kwa senti 31, yaani karibu theluthi moja ya nusu toni. Juu ya hapo kuna mvumo: kwenye tundu la kasha hubandikwa utando wa buibui, na kila ufito ukichezwa utando unavuma pamoja nao.

Sasa fanya jaribio la kubadilisha, ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi yote. Omba kila ala kwenye trak yake, fungua programu ya kuhariri sauti kama Audacity, badilisha kitu kimoja tu na uache vingine vyote vilivyo. Mimi niliweka sauti ya ilimba ya keyboard badala ya ile halisi: mzunguko uleule, mwendo uleule. Vijana waliokulia Dar es Salaam hawakuona tofauti yoyote. Bado ilikuwa "muziki wa asili". Mzee mmoja wa Chamwino alisikiliza hadi mwisho akasema, "Hii imepigwa na mgeni." Hakutaja noti yoyote. Tofauti ya senti 31 na ule mvumo ndivyo vilivyokuwa vimebeba nyumbani kwao, na vilipoondolewa, ilimba ilibaki kuwa ishara ya "asili" kwa mgeni lakini ikakoma kuwa ishara ya nyumbani kwa mwenyeji. Bila kubadilisha ningeandika "ilimba ni indeksi ya Ugogo" na nisingejua ni sehemu gani ya ilimba inayofanya kazi hiyo.

Jambo la kuangalia hapo: ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimeleta mabadiliko. Mimi nilibadilisha viwili, mpangilio wa noti na mvumo, kwa sababu keyboard inavibeba pamoja. Kuvitenganisha, chukua ilimba halisi uibandue utando, kisha rekodi tena.

Muheme ulileta ubishi mkubwa kuliko vyote. Mtunzi aliuweka kwa hesabu rahisi: jingo ni ya Dodoma, na ngoma inayotambulisha Dodoma ni muheme. Tagg ana jina la ujanja huu, wa kuchukua kipande cha mtindo wa watu ili kisimame badala ya watu wenyewe na mahali pao. Kwa msikilizaji wa mbali unafanya kazi vizuri. Lakini mama mmoja muuza karanga, aliyezaliwa upande wa Mpwapwa, alicheka. "Mwanangu, hiyo wanapiga kina mama watoto wakichezwa. Hao wakulima wako wametoka jandoni?" Kwake muheme haukuelekeza mahali. Ulielekeza tukio, watu wake na msimu wake. Ngoma zilezile, mapigo yaleyale, indeksi mbili tofauti, na zote mbili sahihi.

Mwanafunzi akifika hapa hutaka kuamua nani amekosea. Hakuna. Indeksi hujengwa na historia ya msikilizaji, na maana mpya haifuti ya zamani, hulundikana juu yake. Thomas Turino, mtaalamu wa muziki aliyemfuata Peirce kwa karibu, ameliandika sana jambo hili. Muheme siku hizi unapigwa pia kwenye majukwaa, mapokezi ya viongozi na matamasha, hivyo kwa binti wa leo wa Dodoma mjini huenda umeambatana zaidi na kiongozi anayeshuka kwenye gari kuliko na unyago. Katika uchambuzi andika maana zote ulizozipata na ueleze kila moja inatoka kwa nani. Ukizichanganya kuwa "utamaduni" utakuwa umezipoteza zote.

Filimbi ni mvua. Angalau mtunzi anasema hivyo, na umbo lake linamuunga mkono: matone machache, yanaongezeka, yanakuwa mengi. Hii ndiyo ikoni ambayo kila mwanafunzi anaikamata na kila mwanafunzi anaiamini kupita kiasi. Nilipiga kile kipande peke yake kwa makundi mawili, moja nikaliambia jina lake ni "Mvua", lingine "Mnadani". La kwanza walisikia mvua. La pili walisikia watu wengi wakiongea, na mmoja akasikia chenji ikihesabiwa. Kufanana kupo kweli, lakini kuna mambo mengi yanayoanza machache yakaishia mengi, na ikoni ya muziki peke yake haichagui. Beethoven alilijua hili. Mwishoni mwa sehemu ya pili ya simfonia yake ya sita, ya mwaka 1808, aliandika majina ya ndege kwenye nota zenyewe, juu ya filimbi, oboi na klarineti. Ndege wa tatu, kekeo wa Ulaya, ana noti mbili tu zinazoshuka na anatambulika hata bila jina, mradi msikilizaji awe ameshamsikia. Na hapo ikoni imeshaanza kuegemea mazoea, jambo ambalo ni kawaida.

Katika jingo yetu kazi ya kuchagua imefanywa na kengele za ng'ombe. Ziondoe, na ile mvua inalegea. Hicho ndicho cha kuandika: indeksi ya sekunde ya 2 ndiyo inayoiongoza ikoni ya sekunde ya 24.

Zile noti tatu za mwisho nitazipitia haraka. Hazifanani na kitu, na zingeweza kuwa d, m, l bila hasara yoyote, kwa hiyo wanafunzi huziita simboli. Mimi nasita. Hakuna aliyewahi kukaa na wasikilizaji akawaeleza kwamba d, s, m maana yake ni kituo hiki. Wamezisikia mara nyingi kabla ya jina la kituo, basi, na huko ni kuambatana. Simboli kamili ingehitaji kuelezwa kwa maneno, kama "d" yenyewe ilivyo simboli ya noti kwa mwanakwaya aliyefundishwa solfa. Sehemu kubwa ya tunavyoviita simboli katika muziki, ukivikagua, ni indeksi zilizozoeleka sana.

Ukimaliza, soma sentensi zako zote na ufute kila ambayo nafasi ya msikilizaji umeandika "watu" au "jamii". Kwangu zilibaki kurasa nne, na ukurasa mmoja na nusu ulikuwa wa muheme.