Opsheni za kahawa za Septemba: koni inaposema "ghali" mwezi Mei

"Wakuu, tunanunua kahawa huku Kasulu na tunataka kuikinga kwa opsheni za kuuza za New York. Broka katutumia grafu ya koni, IV ya Septemba ni 40 na iko juu ya mstari wa asilimia 90. Anasema ni ghali, tusubiri ishuke. Tumsikilize?"

Mkuu, kwa huo mstari peke yake, msisubiri. Mimi niko Kigoma mjini na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukinga bei za kahawa ya mnunuzi mmoja. Mwezi Mei wa mwaka mmoja nilimwambia bosi maneno hayohayo ya broka wako, ghala likiwa limejaa kahawa ya Buhigwe, imekauka vizuri na gamba lake bado. Nilikuwa nimeichora koni mwenyewe na hesabu zake zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye kile nilichokilinganisha.

Opsheni ya kuuza ni haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa, iitwayo straiki, na IV ni myumbo wa bei kwa mwaka, kwa asilimia, ambao soko limeuweka ndani ya bei ya opsheni. Ukiwa na kumbukumbu za miaka kadhaa, unapanga IV za zamani kwa siku zilizobaki kabla opsheni kuisha: 30, 60, 90, 180. Kwa kila umbali unatafuta ya chini kabisa, ya katikati, ile inayozidi asilimia 90 ya nyingine zote, na ya juu kabisa. Ukiziunganisha unapata koni: mistari inaachana sana upande wa siku 30 na kukaribiana upande wa siku 180, kwa sababu mshtuko wa wiki mbili huitikisa sana opsheni fupi, lakini ndani ya miezi sita humezwa na siku za utulivu. Ndiyo maana IV ya 40 yenye siku 30 inaweza kuwa ya kawaida kabisa, na 40 hiyohiyo yenye siku 180 ikawa juu mno. Hapo koni inasaidia kweli.

Shida ni kwamba koni ya kawaida inachanganya miezi yote. Opsheni yenye siku 90 ya mwezi Novemba na yenye siku 90 ya mwezi Mei zinaingia kapu moja. Kwa kahawa ya arabika hizo ni bidhaa mbili tofauti. Jalidi, ile baridi inayoganda kwenye majani na kuyaunguza, huipiga Brazili kati ya Juni na Agosti. Tarehe 20 Julai 2021 iliunguza mashamba ya Minas Gerais na bei ya New York ikavuka dola 2 kwa ratili ndani ya siku chache. Mwaka 1994 ilikuja mara mbili, Juni na Julai. Kila anayeuza opsheni inayopita katikati ya miezi hiyo anadai malipo ya hofu hiyo, iwe jalidi itakuja au haitakuja.

Sasa angalia kalenda. Opsheni ya kahawa huisha Ijumaa ya pili ya mwezi unaotangulia mwezi wa mkataba wake. Kwa hiyo ya Julai inaisha Juni, kabla ya sehemu kubwa ya baridi, na ya Septemba inaisha Agosti, ikiwa imebeba karibu hatari yote. Nachukua tarakimu za duara ili hesabu ifuatike. Tuseme ni katikati ya Mei, ya Julai ina siku 30 na IV ya 32, ya Septemba ina siku 90 na IV ya 40. Koni ya miezi yote inasema ya kwanza iko chini kidogo ya katikati, ya pili iko juu ya asilimia 90. Nilipoona hivyo nikaandika "ghali".

Nilipaswa kuuliza soko limeweka nini kwenye zile siku 60 za katikati. IV hazijumlishwi zenyewe, unajumlisha mraba wake mara siku. 0.32 kwa mraba mara 30 ni 3.072. 0.40 kwa mraba mara 90 ni 14.4. Tofauti ni 11.328, gawa kwa 60 unapata 0.1888, na kipeuo chake cha pili ni kama 43.5%. Yaani soko linasema: mwezi huu tulivu, kisha miezi miwili ya 43.5. Hiyo ndiyo bei ya majira ya jalidi, na inalinganishwa na majira ya jalidi ya miaka iliyopita. (Mkataba wa Julai na wa Septemba ni fyucha mbili, yaani mikataba miwili tofauti ya kahawa ya baadaye, hazitembei sawa kabisa, kwa hiyo 43.5 ichukue kama makadirio.)

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumika kujaza siku ambazo hazina opsheni yake sokoni:

```python
def iv_siku(T, t1, v1, t2, v2):
    w1, w2 = v1**2 * t1, v2**2 * t2
    w = w1 + (w2 - w1) * (T - t1) / (t2 - t1)
    return (w / T) ** 0.5
```

`iv_siku(60, 30, 0.32, 90, 0.40)` inatoa kama 0.382, wakati wastani wa kugawa kwa mbili ungekupa 0.36. Ukiona koni ya mtu ina kibonde cha ajabu katikati, mara nyingi kachukua wastani huo.

Niliporudia kazi, nilichukua opsheni za Septemba peke yake, zikiwa na siku 80 hadi 100, kila mwaka. Ile 40 ikatua karibu na katikati. Haikuwa ghali, ilikuwa Mei.

Na kusubiri kulitugharimu hivi. Bei ikiwa senti 200 kwa ratili, opsheni ya kuuza yenye straiki hapo hapo, siku 90, IV 40, ni takriban senti 16. Kwa IV 33 ingekuwa kama 13. Tulikuwa tunasubiri kuokoa senti 3, kama dola 1,100 kwa mkataba wa ratili 37,500. Baridi haikuja, IV ikashuka kama nilivyosema, na bei ya kahawa ikashuka nayo kwa zaidi ya senti 20, sisi hatuna kinga. Kwa mwenye kahawa ghalani mambo hayo mawili huja pamoja: hofu ya jalidi ikitoka, inaondoka na IV na bei, vyote viwili. Mwezi ambao opsheni ya kuuza inakuwa rahisi ndio mwezi ambao tayari umeshapoteza.

Koni ya majira nayo ina udhaifu wake. Miaka kumi ya data inakupa Mei kumi tu, hata kama faili lina mistari mia mbili, maana IV ya leo na ya jana ni karibu kitu kimoja. Asilimia 90 ya vitu kumi ni mwaka mmoja au miwili, na ikiwa mmojawapo ni wa bei zilizopanda sana, ule mstari wa juu ni kumbukumbu ya mwaka huo tu. Mimi siku hizi naandika miaka yenyewe kwenye grafu, nukta moja kila mwaka, bila mistari ya asilimia. Ukiona 40 yenu iko juu ya nukta zote, hapo broka ana hoja, na mnaweza kununua nusu ya kinga na kuuza opsheni ya kuuza ya straiki ya chini ili kupunguza gharama.

Mwombe broka IV za Septemba za kila mwaka zikiwa na siku 90, straiki iliyo karibu na bei ya siku hiyo. Asikutumie picha, akutumie tarakimu. Ukizipata ziweke hapa na tarehe zake, tuzipange pamoja.